Trapu ya chupa chini ya beseni: kufunga westi na kupata urefu wa mikia yake miwili

Bibi mmoja wa Kibokoni alinipigia simu siku ya tano baada ya mimi kumfungia mabeseni mawili ya kunawia, moja ghorofani na moja chini. "Mwanangu," akaniambia, "la juu halina neno. La chini lanuka." Trapu zote mbili zilitoka duka moja, boksi zimefanana, na mikia yake ya kushuka, yale mabomba mafupi yanayotoka kwenye beseni, nilikuwa nimeikata pamoja kwa urefu mmoja ili niwahi kumaliza kabla ya adhuhuri. Nati zilikuwa zimekaza, hakuna tone lililodondoka, na kwa macho kazi ilikuwa safi. Kosa lilikuwa ndani ya chupa, mahali ambapo mwenye nyumba haoni na fundi mwenye haraka haangalii.

Nitaeleza kazi nzima kwa mpango wake, lakini sehemu kubwa nitakaa kwenye mikia hiyo, maana westi, kile kiungo kinachokaa kwenye tundu la beseni na kuteremsha maji, mtu huifunga vibaya akaona maji sakafuni siku hiyo hiyo, ilhali mkia uliokatwa vibaya hukaa kimya kwa siku kadhaa.

Chupa inavyozuia harufu

Trapu ya chupa ina mwili wenye mlango wa juu, mlango wa pembeni unaoelekea ukutani, na kikombe cha chini kinachofunguka kwa mkono. Maji hushuka kwa bomba lililo katikati, yanafika karibu na sakafu ya kikombe, kisha yanapanda pembeni ya bomba hilo na kutokea kwenye mlango wa ukutani. Maji yakishaacha kutiririka, yanayobaki ndani husimama sawa na ukingo wa chini wa mlango huo. Ukingo huo nauita kizingiti. Umbali kutoka kizingiti kushuka hadi mdomo wa chini wa bomba la katikati ndio kina cha maji kinachozuia hewa ya septiki isipande. Kwa beseni la kunawia kina kinachotakiwa ni milimita 75. Ukikuta 50 bado trapu inafanya kazi. Chini ya hapo unacheza, kwa sababu beseni lililojaa likiachiliwa kwa mkupuo huvuta sehemu ya maji ya trapu likaondoka nayo, na joto la hapa petu huyapunguza zaidi kila siku.

Sasa sikiliza tofauti moja ambayo kwenye boksi haiandikwi. Trapu nyingi za plastiki zina bomba la katikati lililoungana na mwili wenyewe. Hizo hata ukikata kipande cha juu, kina cha maji hakibadiliki. Lakini trapu nyingi za kromu hazina bomba la ndani. Mkia ule unaoshuka kutoka kwenye beseni ndio unaopenya ndani ya chupa na kuwa bomba la katikati. Ukiukata milimita kumi, umepunguza kina milimita kumi. Ukiuvuta juu ili ufikie westi, vivyo hivyo. Kujua uliyonayo ni ya aina gani, fungua kikombe, chungulia kwa chini, halafu sukuma mkia kwa juu. Ukiona unateremka mbele ya macho yako, basi huo ndio unaoshika maji, na hesabu inayofuata inakuhusu.

Ukiwa dukani, chukua na sumaku ndogo. Ikinata kwenye mkia, hiyo ni bati lililopakwa kromu, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa itakula kutu kuanzia kwenye nyuzi. Shaba haishikwi na sumaku. Plastiki iliyopakwa kromu nayo haishikwi, lakini hiyo uzito wake tu unaijulisha.

Westi kwanza

Kabla ya kupima chochote, westi lazima iwe imeshakazwa mahali pake, kwa sababu mwisho wake wa chini ndio alama ya kuanzia. Angalia kama beseni lako lina tundu la ovafloo karibu na ukingo. Likiwa nalo, unataka westi yenye matundu ubavuni. Likiwa halina, unataka westi kavu isiyo na matundu. Westi kavu kwenye beseni lenye ovafloo itafanya maji ya ovafloo yasipate pa kutokea, na beseni likijaa litamwagikia sakafuni. Westi za mabeseni huwa na nyuzi za inchi moja na robo, na nati ya trapu nayo lazima iwe ya kipimo hicho hicho.

Safisha tundu la beseni kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Zungushia silikoni nyembamba chini ya sahani ya westi, nene kama uzi wa kushonea viatu, kisha iteremshe ndani ya tundu. Zile nafasi za ubavuni zielekeze upande ulipo mfereji wa ovafloo. Kwa chini unavika mpira mnene, halafu pete ya plastiki kama ipo, halafu nati.

Hapa ndipo panapovuja sana, na sababu yake watu wengi hawaijui. Maji ya ovafloo huingia kati ya kuta mbili za beseni, yakaizunguka westi kwa nje kabla hayajaingia kwenye matundu yake. Yakiwa hapo nje, hupata njia ya kuteremka kwa kufuata mifereji ya nyuzi, yakapita katikati ya mpira na chuma. Mpira unabana kauri vizuri, lakini kwenye nyuzi haufiki chini ya kila mfereji. Kwa hiyo paka silikoni kwenye nyuzi pale pale ambapo mpira utakaa, kabla hujauvika. Wengine huzungusha thredi tepu hapo, nayo husaidia. Mimi napendelea silikoni kwa sababu inajaza.

Nati ikaze kwa mkono hadi igome, kisha koleo robo hadi nusu mzunguko. Mtu mwingine akushikie westi kwa juu isizunguke, au ingiza mikono ya koleo kwenye msalaba wake uizuie. Kauri haitoi onyo: ukikaza kwa hasira itapasuka, na ufa wenyewe huenda usionekane mpaka baadaye. Silikoni iliyojitokeza juu ifute mara moja, kisha iache ilale usiku mzima kabla ya kumwaga maji. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na wa kwetu upo wa kutosha.

Mkia wa kushuka

Sasa chukua futi na pimamaji. Pima kutoka sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae, usipime kutoka zege. Unahitaji vipimo vitatu: kimo cha mwisho wa chini wa westi, kimo cha katikati ya tundu la ukutani, na umbali kutoka mstari wa katikati wa westi hadi uso wa kigae.

Kwa bibi wa Kibokoni, beseni la chini lilikuwa hivi. Westi iliishia milimita 610 kutoka sakafuni. Tundu la ukutani lilikuwa 500. Umbali hadi ukutani ulikuwa 230. Bomba la kwenda ukutani lataka mteremko wa karibu milimita 20 kwa kila mita, na kwa umbali mfupi kama huu ni milimita tano tu. Kwa hiyo katikati ya mlango wa trapu ilitakiwa ikae 505. Nafasi ya ndani ya mlango huo ina kipenyo cha milimita 28, hivyo kizingiti kiko 14 chini ya katikati, yaani 491. Toa 75, unapata 416. Mdomo wa chini wa mkia ulitakiwa ufike hapo. Kutoka 610 hadi 416 ni 194, na huo ndio urefu wa mkia kuanzia chini ya ukosi wake, ile pete ya juu inayokaa kwenye westi.

Mkia uliotoka kwenye boksi ulikuwa na urefu wa 200. Maana yake haukuhitaji kukatwa hata kidogo. Ungefika 410, na kina kingekuwa 81. Kulikuwa na jambo moja tu la kuhakikisha: sakafu ya kikombe. Kwenye trapu hiyo, sakafu ilikuwa milimita 125 chini ya katikati ya mlango, yaani 380. Kati ya mdomo wa mkia na sakafu zilibaki 30. Nafasi hiyo isipungue 20, upana wa kidole. Kwa hesabu ya maji matupu hata kumi zingetosha, lakini beseni halipokei maji matupu. Linapokea nywele, sabuni, na mchanga wa miguu ya watu wanaotia udhu, na vitu hivyo hutafuta mahali pembamba vikakaa.

Ghorofani mambo yalikuwa mengine. Westi ilikuwa 610 vile vile, lakini aliyejenga alitoboa ukuta kwenye 540. Mlango wa trapu ukawa 545, kizingiti 531, sakafu ya kikombe 420. Mkia wa 200 ulikuwa unataka kufika 410, yaani ungegonga sakafu kabla nati haijashika. Huo kweli ulihitaji kukatwa. Kipimo sahihi kilikuwa 531 toa 75, sawa na 456, na mkia uwe 154. Mimi nilianza na la juu, nikakadiria kwa jicho, nikakata 60 nikabaki na 140. Halafu nikachukua mkia wa pili, nikaulaza kando ya wa kwanza, nikakata hapo hapo.

Ghorofani mdomo ukakaa 470, na kina kikawa 61. Kidogo kuliko nilivyotaka, lakini kinatosha. Chini, mdomo ule ule wa 470 ulikuwa chini ya kizingiti kwa milimita 21 tu. Kila beseni likiachiliwa, trapu ilikoroma mwishoni, na hiyo ni sauti ya hewa inayopita chini ya mdomo wa mkia. Bibi alikuwa akiisikia tangu siku ya kwanza, akadhani ndivyo trapu mpya zinavyolia.

Kipo na kisa cha tatu, kinachopatikana sana kwenye nyumba za zamani zilizobadilishiwa beseni: tundu la ukutani liko chini mno. Tuseme ni 420. Mlango wa trapu ni 425, kizingiti 411, na mdomo wa mkia ulitakiwa kufika 336. Huo ni mkia wa 274, na ulionao ni wa 200. Kishawishi ni kuuvuta juu mpaka ushike westi kwa nyuzi mbili, maana kwa nje utaonekana umefika. Ndani utakuwa na kina cha milimita moja. Hapo nunua mkia mrefu zaidi.

Ili nisirudie kosa, siku hizi nafanya jambo moja mezani kabla ya kuingia chini ya beseni. Nafungua kikombe, nasukuma mkia hadi mdomo wake uwe milimita 50 chini ya kizingiti, na juu, pale mkia unapotokea kwenye nati ya mwili, nachora mstari wa penseli kuuzunguka. Kisha napima kina cha kikombe kwa kijiti, nasukuma mkia hadi zibaki 20 kufika sakafuni, nachora mstari wa pili. Mstari wa kwanza uko chini zaidi kwenye mkia, wa pili uko juu yake. Nikishafunga, ukingo wa nati ukiwa kati ya mistari hiyo miwili, kina kiko sawa na njia haijabanwa. Ukiwa chini ya mstari wa kwanza, mkia umevutwa juu kupita kiasi. Ukiwa umeumeza mstari wa pili, mkia umezama mno na unahitaji kukatwa. Futa penseli mwishoni kwa kitambaa chenye mate.

Kukata

Zungushia karatasi kwenye bomba mpaka kingo zake zikutane sawasawa, halafu chora kufuata ukingo. Hapo mstari umenyooka bila ufundi mwingi. Tumia hakso yenye meno madogo, 32 kwa inchi, kwa sababu ukuta wa mkia ni mwembamba na meno makubwa huurarua. Usibane bomba kwa koleo tupu, kromu itachubuka. Kata upande wa chini, kamwe usikate upande wenye ukosi. Ukimaliza, pitisha tupa ndani na nje, kisha msasa. Makali yakibaki kwa nje, yatachana mpira wa koni wakati unasukuma mkia, na hapo utakaza nati mpaka uchoke na tone halitaacha.

Mkia wa ukutani

Huu kosa lake ni jingine. Watu hupima kutoka mdomo wa trapu hadi kigae, wakakata hapo, wakasahau kwamba bomba lazima liingie ndani pande zote mbili. Kwenye beseni la chini, kutoka katikati ya westi hadi kigae ni 230. Kutoka katikati hiyo hadi mdomo wa mlango wa trapu ni 55. Zinabaki 175 za kuonekana. Ndani ya trapu bomba huingia 25 mpaka ligonge bega. Ukutani, soketi ya PVC imejificha 10 nyuma ya kigae, na ndani yake nataka bomba liingie 30. Jumla ni 240. Vipimo vya trapu yako vitatofautiana, kwa hiyo ingiza bomba ndani ya mlango, weka alama, litoe upime mwenyewe.

Usilizidishe kwa ukutani ukidhani usalama uko kwenye urefu. Nyuma ya soketi mara nyingi pana elbo inayoshuka. Bomba likiusukuma ukuta wa elbo, limejiziba lenyewe, na beseni litakuwa linatoa maji polepole tangu siku ya kwanza. Ingiza kijiti ukutani kwanza ujue una nafasi kiasi gani.

Bomba la kromu na soketi ya PVC mara chache hulingana. Kinachoziba pengo ni pete ya mpira ya kupunguzia, iliyopakwa sabuni ya maji, na bomba likasukumwa ndani yake. Nimefungua kuta za mji huu nikakuta simenti, magazeti, hata mfuko wa nailoni umesokotwa hapo. Maji ya kila siku hayatavuja haraka, lakini bomba likiziba mbele kidogo, maji yatarudi na kuingia ndani ya ukuta. Kwenye kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale, maji hayo huibuka kama doa la chumvi kwenye plasta, pengine mbali na pale yalipoanzia.

Kama njia kutoka trapu hadi bomba kubwa inazidi mita 1.7, bomba la inchi moja na robo halifai tena, kwa sababu maji hulijaza na kunyonya yaliyo ndani ya trapu. Badili uingie inchi moja na nusu.

Kufunga na kujaribu

Kabla bomba halijaingia ukutani, livike rozeti, ile sahani ya kufunika tundu la ukutani, kisha nati, kisha mpira wa koni ambao upande wake mwembamba unaelekea trapu. Kila fundi amewahi kusahau rozeti angalau mara moja, na kuivika baadaye ni kufungua yote. Ingiza bomba ukutani, lete mwili wa trapu, unganisha pembeni kwa mkono bila kukaza, halafu panda juu ushike westi. Kati ya ukosi wa mkia na mwisho wa westi kuna mpira bapa, na huo ndio unaozuia maji. Thredi tepu kwenye nyuzi za hapo haina kazi, na ikizidi huizuia nati isifike mwisho. Ikiwa ncha ya westi iliwahi kukatwa, hakikisha imenyooka, kwa sababu mpira huo unakaa juu yake.

Kila kitu kikikaa bila kulazimishwa, kaza nati kwa mkono, kisha robo mzunguko huku umeweka kitambaa kati ya koleo na kromu. Kikombe cha chini ni mkono tu. Mtu mwingine atatakiwa kukifungua siku pete ya ndoa ikizama.

Ziba beseni, lijaze mpaka maji yaingie kwenye ovafloo, na uyaache yapite hapo dakika mbili. Pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu ya tishu, kuanzia juu kushuka chini, ukibadilisha karatasi kila kiungo. Jicho halioni unyevu kwenye kromu, tishu inauona. Karatasi ikilowa chini ya mpira wa westi wakati maji yako kwenye ovafloo tu, rudi kwenye nyuzi na silikoni. Ikilowa baada ya kuondoa kizibo, tatizo liko kwenye trapu. Kisha jaza tena, achilia yote kwa mkupuo, na usikilize mwisho wake. Mvumo mfupi hauna neno. Mkoromo unaoendelea ni wa kukufanya urudi kwenye mistari ya penseli.

Kibokoni nilirudi na mkia mpya wa 200, nikaufunga chini bila kuukata. La juu nililiacha na 61 zake. Bibi alijaza beseni mwenyewe, akaachilia, akainama asikilize, kisha akaniuliza kwa nini lile la mwanzo lilikuwa likiimba. Nikamwonyesha mkia wa zamani karibu na mpya. Akaupokea, akautazama, na mara ya mwisho niliuona jikoni kwake, amechomeka ndani yake miiko.